Quando vieres au quando vires?

Mwanafunzi wa Malindi anayejaza mapengo ya Kireno hukwama hapa:

«Quando tu ____ (vir) a Malindi e ____ (ver) a coluna de Vasco da Gama, tira uma fotografia.»

Jibu ni vieres, kisha vires: utakapokuja, utakapouona mnara, piga picha. Wengi huandika vires katika pengo la kwanza, kwa kuwa neno hilo linafanana na vir, «kuja». Kosa hili linaeleweka, maana vires kweli ni umbo la vir, ila ni baada ya para: «para vires», ili uje. Baada ya se, «ikiwa», na quando za wakati ujao, vires ni «kuona» tu.

Usianzie kitenzi kilivyo kwenye mabano. Chukua wakati uliopita wa «wao», kisha ondoa -am: vieram hutoa vier, viram hutoa vir. Kwa «wewe» ongeza -es.

Soma pia upande wa pili wa sentensi. Kukiwa na amri au wakati ujao, mbinu hii inafaa. Ikiwa ni mazoea, kama Kiswahili kinavyosema «kila ajapo hulala kwetu», andika vem: «Quando vem a Malindi, dorme em nossa casa.»