Jua na nyota nzito: nani hudumu, nani hulipuka

Jua na nyota yenye uzito mara 20 ya Jua huwaka kwa njia moja: kiini hugeuza haidrojeni kuwa heliamu, na joto lake huizuia nyota isiporomoke kwa uvutano wake yenyewe. Tofauti kubwa ni kasi. Jua litafanya hivyo kwa miaka bilioni 10 hivi. Ile nzito ina fueli nyingi zaidi, lakini kiini chake cha moto mkali huimaliza kwa pupa, katika takriban miaka milioni 10.

Haidrojeni ikiisha, heliamu nayo huungana kuwa kaboni. Jua halitafikia joto la kuunganisha kaboni, hivyo litavimba, litapoteza matabaka ya nje na kubaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kizito kinachopoa polepole. Nyota nzito huendelea kuunganisha elementi nzito zaidi na zaidi hadi chuma. Kuunganisha chuma hula nishati badala ya kuitoa, basi kiini huporomoka ndani ya sekunde moja na nyota hulipuka. Mwaka 1987, nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, za mlipuko wa namna hiyo zilinaswa Duniani saa chache kabla mwanga wake haujaonekana.