Tovuti nzito: kuikarabati au kuijenga upya?

Mwenye kampuni changa akiniita kwa sababu tovuti yake inachelewa na sura yake imechakaa, nampa njia mbili, na mara nyingi namshauri aanze na ile nafuu.

Kukarabati kunatosha pale mzigo unapokuwa picha. Chukua ukurasa wa mwanzo wenye picha ya MB 4 iliyopandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo peke yake inakula sekunde 16. Nikiipunguza upana hadi pikseli 1200 na kuihifadhi kama WebP, aina ya faili jepesi la picha, ikabaki KB 150 hivi, inafunguka chini ya sekunde moja. Anwani za kurasa hazibadiliki. Sura, lakini, inabaki ileile.

Kujenga upya ni ghali na huchukua wiki kadhaa. Naipendekeza pale tu mandhari ya WordPress, yaani kiolezo kinachoipa tovuti sura yake, yalipoachwa na aliyeyatengeneza, au mteja mwenye simu analazimika kukuza ukurasa kwa vidole ndipo asome bei. Hapo kupunguza picha ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Hatari iko kwenye anwani: zikibadilika bila kuelekezwa upya kwa 301, yaani agizo la kuhama moja kwa moja kwenda anwani mpya, wanaotoka Google wanakutana na 404, ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Kwa hiyo orodha ya anwani za zamani naidai kabla sijagusa chochote.

Jipime kwanza kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha kasi ya tovuti cha Google, upande wa simu. LCP, yaani muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana, ikizidi sekunde 2.5 na kinachotajwa ni picha, usinilipe kujenga upya.