Uzoefu wangu: kuuza sabuni ya nazi kwenye soko la mtandaoni, Mombasa

Nina miezi mitano nikiuza sabuni ninazotengeneza kwa mikono kwenye soko moja la mtandaoni. Kuweka tangazo ni rahisi, na unaona ni watu wangapi wamelifungua. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifumbua macho: wiki tatu za kwanza watu 214 walifungua, wakanunua wawili.

Tangazo langu lilianza hivi: “Sabuni nzuri ya asili iliyotengenezwa kwa mikono...” Kwenye simu kichwa hukatwa, kwa hiyo mtu aliona “Sabuni nzuri ya asili” tu, maneno ambayo kila muuzaji anayo. Kisha mama mmoja wa Kisauni akaniandikia: “Dada, hiyo yatoa povu kwa maji ya kisima?” Kwa siku chache wakaniuliza wengine wawili swali hilohilo. Sisi huku visima vingi vina maji ya chumvi, na sabuni nyingi hugoma kutoa povu, zikaacha utando kwenye beseni. Ya mafuta ya nazi hutoa povu hata humo. Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani, wala sikuwa nimeliandika popote!

Nikabadilisha kichwa: “Sabuni ya nazi, povu kwa maji ya chumvi.” Picha ya kwanza, iliyokuwa vipande vimepangwa juu ya maua ya asumini, nikaitoa. Nikapiga picha ya mkono wenye povu juu ya ndoo ya maji ya kisima, asubuhi, kando ya dirisha. Mkono unamwonyesha mtu pia ukubwa wa kipande.

Kwenye maelezo nikaanza na hofu ya mnunuzi, maana sabuni ya nazi tupu inaweza kukausha ngozi: “Nimezidisha mafuta ya nazi kwa asilimia 15, yanabaki bila kugeuka sabuni ili ngozi isikauke.” Neno “inatibu” nililifuta kabisa. Sabuni ni ya kuoga, na sina kipimo cha kuthibitisha kwamba inaponya upele.

Wiki tatu zilizofuata walifungua 190, wachache kuliko mwanzo, lakini wakanunua 17.

Lalamiko moja lilinistahili. Niliandika gramu 110, uzito wa siku ya kukata. Mteja wa Likoni akapima nyumbani akapata 98. Sabuni hukaa wiki nne hadi sita ikikauka na maji hupungua, na mimi nilipaswa kupima siku ya kufunga. Nilimrudishia sehemu ya pesa. Sasa naandika “si chini ya gramu 95”, na picha ya mwisho ni kipande juu ya mizani.

Kasoro ya soko lenyewe ni kwamba halina mahali pa kuandika harufu. Naiweka mstari wa kwanza wa maelezo: karafuu, hafifu. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena.