Kuuza invoisi: deni likirudi kwako na lisiporudi

Tuseme una invoisi za shilingi 1,000,000, unaziuzia kampuni ya faktaringi. Ada 3% yaani 30,000, wanashikilia 50,000 kwa ajili ya bidhaa zitakazorudishwa na diskaunti, mkononi unapata 920,000.

Ukiuza bila wao kuwa na haki ya kukurudia, mteja asipolipa kwa kukosa hela, hiyo ni shida yao. Hapo deni linatoka kwenye vitabu vyako: debiti keshi 920,000, debiti dai kwa faktaringi 50,000, debiti hasara ya mauzo 30,000, krediti wadaiwa 1,000,000. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaweka hasara 80,000. Hapana jamani, ile 50,000 bado ni yako, ni asseti mpaka itakapothibitika bidhaa zimerudishwa.

Wakiwa na haki ya kukurudia ada huwa ndogo kidogo, ila tuiache ileile ili tulinganishe. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 9, kama hatari ya kutolipwa imebaki kwako hujauza kitu, umekopa, kwa hiyo wadaiwa wanabaki palepale na unaandika debiti keshi 920,000, krediti mkopo 920,000. Hakuna hasara ya mauzo, ile 30,000 inaingia kama riba kidogokidogo mpaka mkopo ufike 950,000, wateja wakimaliza kulipa unafuta mkopo na wadaiwa na unapokea 50,000 yako.

Usiangalie jina la mkataba, soma kipengele cha mteja akishindwa kulipa.