TAHADHARI: Vichupa vya sindano ambavyo mgonjwa hakuchomwa vinaingizwa kwenye bili ya malaria

Ndugu zangu, ninaandika kuwatahadharisha wale wanaopeleka wagonjwa wa homa kwenye vituo binafsi vya afya hapa Dar es Salaam, kwa sababu bili tuliyopewa kwa ajili ya mdogo wangu ilikuwa na makosa ambayo mtu asiyeisoma mstari kwa mstari angeyalipia bila kujua. Kituo sikitaji.

Kwanza tulipewa karatasi yenye maneno matatu tu, yaani vipimo, dawa na huduma, pamoja na jumla ya shilingi 275,000. Karatasi ya namna hiyo haikaguliki. Tuliomba mchanganuo, yaani kila kipimo na kila dawa kwa idadi, bei na tarehe yake, nao ulitolewa baada ya mvutano kidogo.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye sindano za artesuneti, ambazo hutolewa kwa malaria kali. Mdogo wangu alikuwa anatapika kila kitu na hawezi kukaa, kwa hiyo sindano zenyewe sizilalamikii. Mgonjwa anayeweza kumeza na asiye na dalili za hatari hupewa vidonge vya dawa mseto. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, na hutolewa anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha huendelea na vidonge akiweza kumeza. Mdogo wangu ana kilo 58, kwa hiyo dozi moja ni takriban miligramu 139. Kichupa walichotumia ni cha miligramu 60, hivyo vinahitajika vitatu kwa dozi, na kinachobaki humwagwa kwa sababu dawa ikishachanganywa haihifadhiwi. Hapo hakuna wizi. Dozi tatu ni vichupa 9, lakini bili iliandika 12, kila kimoja shilingi 10,000. Mhasibu alidai kwamba kila mtu mzima hutozwa vinne kwa dozi, jambo lisilo na msingi, kwani vitatu vinamtosha mtu wa hadi kilo 75. Tuliomba chati ya dawa ambayo muuguzi husaini kila anapochoma sindano, na chati ilionyesha vichupa 9. Shilingi 30,000 zikaondolewa.

Kwenye vipimo, bili ilikuwa na FBP ya shilingi 20,000 na chini yake Hb ya shilingi 5,000, vyote vya asubuhi ileile na kwa damu ileile. FBP ni picha nzima ya damu, na kiwango cha damu, ambacho ndicho hiyo Hb, tayari kimo ndani yake, kwa hiyo shilingi 5,000 za Hb ziliondolewa. Kama Hb ingerudiwa siku nyingine, nisingepinga, kwa kuwa damu inaweza kushuka siku kadhaa baada ya artesuneti na ni vyema ifuatiliwe. Vilevile msikimbilie kugombana mkiona mRDT na BS pamoja: cha kwanza huonyesha haraka kama malaria ipo, na cha pili, cha hadubini, huhesabu vimelea, hivyo katika malaria kali vyote viwili vina kazi.

Kipimo ambacho hakikuhitajika ni Widal, cha homa ya matumbo, kwa shilingi 10,000. Kinatafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupita na zinaweza kuonekana hata kwa mtu mwenye homa nyingine, kwa hiyo kupima mara moja hakuthibitishi lolote; kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Kibaya zaidi, jibu hilo huleta bili nyingine ya antibayotiki. Fedha hiyo hatukurudishiwa, kwani kipimo kilikuwa kimeshafanyika, na kwa maoni yangu swali la "kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu?" linapaswa kuulizwa kabla damu haijatolewa.

Yalibaki mambo mawili. Ada ya kumwona daktari, shilingi 20,000, ilikuwa imeandikwa mara mbili, ilhali mara ya pili alikuwa akisoma majibu ya vipimo alivyoagiza mwenyewe saa chache kabla. Halafu kulikuwa na shilingi 25,000 za "gharama nyinginezo", na hakuna aliyeweza kutaja zilinunua nini, kwani mipira na mabomba ya sindano yalikuwa na mstari wake. Ada ya pili na gharama hizo ziliondolewa, tukalipa 195,000 na kudai risiti ya EFD yenye kiasi hichohicho.

Wanaotumia bima wasidhani hayawahusu: someni fomu ya madai kabla ya kusaini, na msisaini ikiwa haijajazwa. Kituo kikikataa kutoa mchanganuo au chati, pigeni picha ya bili na mpeleke malalamiko kwa maandishi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au Manispaa.