Fundi bomba wa Sinza: wateja wakupate kwa jina la wasifu au maelezo ya picha?

Kwenye Instagram, jina la wasifu, lile la herufi nzito, hutazamwa mtu anapotafuta akaunti. "Mzee wa Kazi" halimwambii mteja kitu. "Fundi Bomba Sinza" linafanana na anachoandika mteja mwenyewe akitafuta. Ila jina hutosha kazi moja na eneo moja. Ukirundika Kijitonyama, Mwenge na Ubungo, linasomeka kama kibao cha daladala.

Maelezo ya picha yana nafasi zaidi. Badala ya "Kazi safi, Mungu ni mwema", andika: "Tumezibua sinki la jikoni Kijitonyama, maji yalikuwa yanarudi." Mwenye sinki lililoziba anatafuta tatizo lake, si sifa zako. Mimi ningeanza na jina: ukilibadilisha mara moja umemaliza, maelezo ni kazi ya kila picha.