Uzoefu wangu na GIMP: kurudisha gauni lililobadilishwa rangi juu ya picha halisi

Katika studio yetu hapa Dodoma tunapokea kazi nyingi za kwaya, na tatizo linalojirudia ni sare. Safari hii wanakwaya wote walivaa magauni ya damu ya mzee isipokuwa mama mmoja aliyevaa la bluu. Viongozi wao walikwisha kulibadilisha rangi kwa programu ya simu, wakaipenda kazi hiyo, wakataka ichapwe kwa inchi 24 kwa 16. Picha niliyopiga ilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000, lakini waliyonirudishia ilikuwa na 1536 kwa 1024. Kwa karatasi hiyo, picha halisi inatoa pikseli 250 kwa kila inchi, na yao inatoa 64 tu. Isitoshe, programu ile ilikuwa imelainisha nyuso za watu ambao hakuna aliyeomba waguswe.

Kwa hiyo nilihitaji gauni peke yake kutoka kwao, na kila kitu kingine kutoka kwenye kamera. Kazi hiyo niliifanya kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo hailipiwi, na naieleza hapa kwa sababu imenifaa kuliko nilivyotarajia.

Nilifungua picha halisi kwanza, kisha nikaiingiza iliyohaririwa juu yake kama tabaka la pili kwa `Open as Layers`. Kabla ya kuikuza niligawa upana kwa kimo katika picha zote mbili, nikapata 1.5 kila upande, dalili kwamba programu ya simu haikukata kingo. Kama namba hizo zingetofautiana, kuikuza kwa nguvu kungevuta gauni na lisingekaa mwilini. Baada ya kuifikisha pikseli 6000 kwa `Scale Layer`, niliweka hali ya `Difference`, ambayo huonesha weusi pale tabaka mbili zinapolingana. Mistari inayong'aa upande mmoja wa vifungo na nyusi ilinijulisha kuwa tabaka limesogea, nikalisukuma kwa vitufe vya mishale hadi mistari ikafifia.

Hatua iliyofuata ni maski, inayoamua sehemu gani ya tabaka ionekane. Nilichagua `Black (full transparency)`, tabaka lote likafichika, kisha nikapaka nyeupe juu ya gauni kwa brashi yenye kingo laini kiasi. Katika hali ya kawaida, yaani `Normal`, gauni lilitokea likiwa la damu ya mzee kweli, lakini lilionekana kama nailoni: nyuzi za lesi shingoni zilipotea, kwa kuwa kila pikseli ya picha ndogo sasa ilitandazwa juu ya karibu pikseli nne za upana.

Hapa ndipo GIMP iliponiridhisha. Nilibadilisha hali ya tabaka kuwa `LCh Color`, ambayo huchukua rangi tu kutoka tabaka la juu na kuacha mwanga na kivuli vya tabaka la chini. Lesi, mikunjo na mshono wa kiunoni vilirudi vyote, kwa sababu undani wa kitambaa umo zaidi katika tofauti za mwanga kuliko katika rangi. Jicho huvumilia sana rangi isiyo kali, lakini halivumilii mistari isiyo kali.

Kasoro moja ilibaki kwenye kingo. Rangi iliyokuzwa huwa imetapakaa, hivyo ukingo wa gauni karibu na mkono ulichukua rangi ya ngozi. Sikuipunguza maski, nilitumia zana ya kunakili kwenye tabaka lenyewe, nikaisogeza damu ya mzee ivuke ukingo kidogo, na maski ikaikata mahali panapostahili.

Mwishoni niliweka nakala ya picha halisi juu ya yote kwa `Difference`, nikatengeneza tabaka moja kwa `New from Visible`, na nikashusha `Threshold` hadi karibu na sifuri ili tofauti yoyote itokee nyeupe. Nje ya gauni kila kitu kinapaswa kubaki cheusi. Madoa meupe mawili kwenye shavu la jirani yake yalinionesha mahali ambapo brashi ilipita bila mimi kuona. Ukaguzi huu naupendekeza kwa kila mtu, maana kwenye skrini doa la namna hiyo halionekani, ila kwenye karatasi kubwa linajitokeza.

Njia hii haiwezi kugeuza shati jeupe kuwa koti jeusi. Mwanga wa shati jeupe utabaki pale pale, na koti litatoka la kijivu hafifu. Kazi kama hiyo hulazimu kubaki na `Normal`, na kwa picha ya pikseli 1536 nguo itabaki na undani wake mdogo hata nyuso zikiwa kali. Wateja wa aina hiyo nawashauri wachape inchi 12 kwa 8, ambapo nguo inapata pikseli 128 kwa inchi, au waje wapigwe upya wakiwa na koti lenyewe.